Mpaka Chai

Katika misiba mingi ya bara kuna karatasi moja ambayo haikosekani. Ndugu wa familia husimama karibu na jeneza, hukohoa kidogo, kisha huanza: marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, alisoma shule fulani, akaajiriwa, akaoa, ameacha mjane na watoto kadhaa. Ni wasifu wa marehemu. Watu husikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, na ukimalizika, kaburi husubiri, udongo hurudishwa, na wasikilizaji hutawanyika kila mtu na njia yake.

Nahodha wa timu anaposimama kumzungumzia mwenzake aliyefariki hana wasikilizaji wa namna hiyo. Wake hawatawanyiki. Wiki ijayo watu walewale watavaa jezi ileile na kuingia uwanjani, pengo la marehemu likionekana kwa macho kwenye orodha ya wachezaji. Kwa hiyo maneno yake yana kazi mbili zinazovutana. Yanapaswa kumzika rafiki, na yanapaswa kuwarudisha waliobaki mchezoni. Akielemea upande mmoja, timu inaingia uwanjani inalia. Akielemea upande mwingine, ataonekana hana utu.

Sura hii inafuatilia jinsi mtu mmoja alivyoibeba kazi hiyo ndani ya siku saba. Mtu huyo ni Michael Clarke, aliyekuwa nahodha wa Australia katika kriketi. Mwenzake alikuwa Phillip Hughes.

Mpira mmoja, Sydney

Msomaji asiyeijua kriketi anahitaji mambo machache tu. Mpigaji husimama na gongo la mbao mbele ya vijiti vitatu, ambavyo pamoja na vipande viwili vya juu huitwa wiketi. Mrushaji humjia mbio na kumrushia mpira mgumu wa ngozi. Mpigaji akiupiga mbali, yeye na mwenzake aliyesimama upande wa pili hukimbia kupishana, na kila kupishana ni mkimbio mmoja. Ni lazima wapigaji wawe wawili. Mmoja akitolewa, nako huitwa wiketi, anaingia mwingine. Wawili hao hukutana katikati baina ya mipira, hugonganisha glavu, huambizana neno, hurudi kila mmoja upande wake. Wanaweza kukaa hivyo saa nne au tano. Ukitaka kujua wachezaji wa kriketi wanavyopata marafiki, anza hapo.

Mrushaji mwenye kasi ana silaha moja ya halali inayoogopwa na kila mpigaji: huugonga mpira ardhini mbali na mpigaji, ukadunda na kupanda hadi usawa wa kifua au kichwa. Mpigaji ama huinama ukapita juu, ama huugeukia na kuupiga kwa nguvu kuelekea upande wa nyuma ya mguu.

Tarehe 25 Novemba 2014, katika Uwanja wa Kriketi wa Sydney, Hughes aliugeukia. Alikuwa akiichezea Australia Kusini dhidi ya New South Wales, timu aliyoanzia, katika ligi ya majimbo. Alikuwa na mikimbio 63 na anacheza vizuri. Watu walikuwa wakisema atarudishwa timu ya taifa siku chache zijazo. Mrushaji alikuwa Sean Abbott, kijana wa miaka 22. Hughes alilizungusha gongo mapema kidogo mno, mpira ukampita, ukampiga shingoni upande wa kushoto, chini ya ukingo wa helmeti. Alisimama kidogo akiwa ameegemea magoti, kisha akaanguka kifudifudi.

Mpira ulikuwa umeubana mshipa wa damu unaopanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Mshipa ukapasuka, damu ikamwagika ndani ya fuvu. Ni jeraha la nadra sana. Walimkimbiza hospitali, wakampasua, lakini hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 27 Novemba, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 26.

Karatasi tatu

Clarke alikuwa na miaka 33, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mgongo na msuli wa paja. Alikuwa amecheza na Hughes New South Wales na timu ya taifa, akimwita mdogo wake. Alishinda hospitalini na familia. Ndani ya siku saba alisimama mbele ya watu mara tatu akiwa na karatasi mkononi, na karatasi hizo tatu hazifanani.

Ya kwanza aliisoma siku ileile ya kifo. Haikuwa yake. Wazazi wa Hughes, Greg na Virginia, na ndugu zake Jason na Megan hawakuwa na nguvu ya kusimama mbele ya kamera, basi nahodha akawasomea maneno yao. Hapo alikuwa mdomo wa familia, wala hakuongeza lake.

Ya pili aliisoma tarehe 29 Novemba, kwa niaba ya wachezaji. Hapo ndipo dunia ilipomwona akishindwa. Alisoma sentensi, akanyamaza, akameza mate, akafuta macho, akarudi kwenye mstari. Karatasi hiyo ilikuwa na kazi maalumu: kusema timu inafanya nini. Alieleza kuwa wameomba jezi ya Hughes ya mechi za siku moja, namba 64, isivaliwe tena na mtu, na shirikisho limekubali. Alisema chumba chao cha kubadilishia nguo hakitakuwa kama zamani. Na aliwakumbusha wenzake kitu ambacho marehemu alipenda kuwauliza pale mambo yalipokuwa magumu na watu wanaanza kunung'unika: jamani, kuna mahali gani pengine mngependa kuwa, kuliko kuichezea nchi yenu?

Angalia alivyochagua. Angeweza kusema Hughes alikuwa mtu wa furaha, na kila mtu angeitikia, kwa kuwa kila marehemu ni mtu wa furaha. Badala yake alileta swali lenyewe, kwa maneno ya mwenyewe, na kila aliyewahi kukaa naye kwenye benchi akalisikia kwa sauti yake.

Karatasi ya tatu ndiyo sababu ya sura hii.

Macksville

Macksville ni mji mdogo kando ya mto Nambucca, kaskazini mwa New South Wales, nchi ya ng'ombe na migomba. Greg Hughes alikuwa mkulima wa ndizi. Mwanawe aliondoka hapo akiwa kijana kwenda Sydney kutafuta mpira, na mwaka 2009, akiwa na miaka 20, alipiga mikimbio 115 na 160 katika mechi moja ya Testi, zile mechi ndefu za kimataifa, huko Durban, akawa mchezaji mdogo kuliko wote kufikisha mia mara mbili katika Testi moja. Pesa aliyoipata aliirudisha kwenye ng'ombe. Alipenda ng'ombe weusi wa Angus, na alikuwa na mpango wa kurudi kuwafuga mpira ukiisha.

Mazishi yalifanyika tarehe 3 Desemba katika ukumbi wa shule ya sekondari aliyosoma. Maelfu ya watu walijaa ndani na nje. Clarke aliinuka, akaenda mbele, akafungua karatasi.

Sentensi yake ya kwanza haikumtaja marehemu kwa jina wala kwa sifa. Alisema kwamba yeye bado anamtafuta. Anajua ni wazimu, lakini kila dakika anategemea simu iite iwe ni yeye, au achungulie kwenye kona na uso wake ule.

Aliyefiwa anaijua hali hiyo. Hakuna asiyewahi kuinua simu kumpigia mtu aliyezikwa jana. Kwa kuanzia hapo, nahodha alijivua cheo. Alisimama kama mtu aliyechanganyikiwa kuliko waliokuwa wamekaa mbele yake, na hivyo akawapa ruhusa ya kuchanganyikiwa.

Kisha akasimulia usiku mmoja. Usiku wa Alhamisi, siku Hughes alipofariki, Clarke alikwenda mpaka katikati ya uwanja wa Sydney. Akasimama pale wapigaji wanaposimama. Alizitaja nyasi zilezile walizozikanyaga pamoja, majukwaa yaleyale yaliyokuwa yakiinuka kumshangilia, na uzio uleule ambao Hughes aliupelekea mpira mara nyingi. Akaongeza kwamba sasa hapo ndipo alipoanguka. Akapiga magoti, akazigusa nyasi.

Hapo ndipo hotuba inapofanya jambo ambalo wasifu wa marehemu hauwezi. Clarke aliapa kwamba Hughes alikuwa naye pale. Na kwa kuwa walikuwa mahali pa wapigaji wawili, Hughes alifanya yale ambayo mpigaji mwenza hufanya. Alimwinua na kumuuliza kama yuko sawa. Alimwambia wakaze tu, wafike mpaka chai. Alimgombeza kwa ule mpira aliouchezea ovyo. Aliongea naye kuhusu sinema watakayoitazama usiku. Kisha akampa habari moja isiyo na faida yoyote kuhusu ng'ombe.

Soma tena orodha hiyo. Haina hata sifa moja. Hakuna mkarimu, hakuna mpole, hakuna shujaa. Kuna vitu vitano vilivyotamkwa na mtu katikati ya mchezo, baina ya mpira mmoja na mwingine, na vimepangwa kwa ustadi. Kwanza kumjali mwenzake. Pili kazi iliyo mbele yao. Tatu ukali kidogo, kwa sababu rafiki asiyekugombeza si rafiki. Nne mambo ya jioni. Tano ng'ombe. Mpaka unafika kwa ng'ombe umeshamjua kijana huyu kuliko ungesomewa takwimu zake zote, na ukumbi uliojaa wafugaji ulijua hasa ni habari za namna gani.

Ng'ombe ndiye aliyebeba mzigo mkubwa zaidi hapo. Kicheko kidogo ndani ya msiba hulegeza kifua, kama ule utani wa watani wanaoingia msibani kwetu wakidai marehemu amekufa na deni lao. Msomaji wa maneno ya msiba akiweza kupata kicheko kimoja cha kweli, sauti yake hurudi, na wasikilizaji hupumua. Lakini lazima kicheko hicho kitoke kwa marehemu. Kikitoka kwa msomaji ni mzaha, na watu hukasirika.

Baada ya ng'ombe, Clarke akamwonyesha Hughes akirudi upande wake kwa ule mwendo wake wa madaha, akimkenulia mrushaji, kisha akimwita akimbie kwa sauti kubwa ambayo hata mtu aliye kwenye maegesho ya magari angeisikia.

Chai

Neno alilochagua Clarke kulibeba mpaka mwisho ni chai, na inafaa kueleza kwa nini.

Mechi ya Testi huchezwa hadi siku tano. Kila siku imegawanywa vipindi vitatu vya takriban saa mbili. Cha kwanza huishia kwenye chakula cha mchana. Cha pili huishia kwenye chai. Cha tatu huishia jioni. Wapigaji wanapokuwa hali mbaya, wenzao wengi wameshatolewa na mrushaji ana kasi, hawazungumzii ushindi. Hawazungumzii hata kesho. Wanaambiana: tukaze, tufike chai. Maana yake usijaribu kupiga mbali, usijaribu kuwa shujaa. Zuia huu mpira, kisha zuia unaofuata. Wakija kukaa, miguu itapumzika, akili itatulia, na mrushaji naye atakuwa amechoka.

Ni ushauri wa kiufundi kabisa. Hakuna mtoto wa kriketi ambaye hajaambiwa. Ndiyo maana ulifaa. Clarke angewaambia wenzake wawe imara, wangesikia neno ambalo kila kiongozi husema kila msiba na ambalo halimwambii mtu afanye nini akiamka asubuhi. Alipowaambia wafike chai, kila mmoja alijua saa mbili ni nini na kuzipitisha ni kufanya nini. Aliigeuza huzuni kuwa kipindi cha mchezo, kitu chenye mwanzo na mwisho, kitu wanachokijua kwa mikono.

Na hakulisema kama lake. Mwanzoni aliliweka kinywani mwa Hughes, pale katikati ya uwanja usiku. Kisha hotuba ikapanuka: akawataja watu wa mbali walioomboleza, msichana wa Karachi aliyeshika mshumaa, magwiji wa mchezo kama Tendulkar, Warne na Lara, watu wasiomjua Hughes walioacha maua kwenye malango ya uwanja wa Lord's, na maelfu waliotoa magongo yao nje ya milango ya nyumba zao. Akasema roho ya Hughes sasa ni mlinzi wa mchezo huu. Tuisikilize, tuitunze, tujifunze kwake. Ndipo akalirudia lile neno: tukaze tufike chai. Na mara moja baada yake: tuendelee kucheza.

Sasa anayewaamuru kurudi uwanjani ni marehemu mwenyewe. Hakuna mchezaji ambaye angeweza kumwambia nahodha kwamba amewahimiza mapema mno, kwa sababu nahodha hakuwahimiza. Amewasilisha ujumbe. Kazi mbili zilizokuwa zikivutana, kumzika mtu na kurudi mchezoni, zimekutana kwenye neno moja la kawaida.

Akamalizia kwa kumuaga: lala salama mdogo wangu, tutaonana katikati. Katikati, kwa mpigaji, ni pale ambapo wawili hukutana baina ya mipira.

Alichokiacha

Hotuba haikuutaja mpira ule. Haikusema Hughes alipigwa sehemu gani ya mwili, wala na nani. Jina la Abbott halimo, ingawa Abbott mwenyewe alikuwa msibani. Mtu mwingine angeona ni vyema kumtaja na kumsafisha hadharani. Lakini kumsafisha mtu mbele ya jeneza ni kumwelekezea macho yote ya ukumbi, na siku hiyo ilikuwa ya familia ya Hughes. Ukimya huo ulimlinda kuliko maneno. Kiasi cha wiki moja baadaye Abbott alirudi kuichezea New South Wales, kwenye uwanja uleule, na akamaliza akiwa na wiketi 6 kwa mikimbio 14. Uchunguzi wa kisheria wa kifo hicho, uliotolewa mwaka 2016, haukumtia hatiani mtu yeyote.

Haikuwa na takwimu pia. Zile mia mara mbili za Durban hazimo. Rekodi yake ya kuwa Mwaustralia wa kwanza kufikisha mia katika mechi yake ya kwanza ya siku moja haimo. Takwimu zipo kwenye vitabu na zitabaki huko. Anayejua jinsi mtu alivyokuwa akigombeza baina ya mipira ni aliyesimama naye tu, na akifa huyo naye, habari hiyo imekwisha. Nahodha mwenye dakika chache aanze na vile ambavyo hakuna mwingine anayeweza kuvisema.

Ukitaka kuona inavyokuwa pale ambapo maneno hayajapata nafasi, tazama Sharjah, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa magari yaliyotumika. Pakistan na New Zealand walikuwa katikati ya mechi ya Testi huko habari za kifo zilipofika. Siku ya pili ikaahirishwa. Waliporudi, wachezaji wa New Zealand hawakushangilia wiketi, na warushaji wao hawakutaka kurusha mpira wa kupanda kichwani. Nahodha wao, Brendon McCullum, alipiga mikimbio 202, timu ikafikisha 690 na kushinda kwa mbali. Baadaye McCullum alieleza kwamba walicheza hivyo kwa sababu matokeo yalikuwa hayana maana tena kwao. Walicheza vizuri ajabu, lakini walicheza kama watu walio nje ya mchezo. Kwa siku chache hilo linawezekana. Timu haiwezi kuishi hivyo.

Adelaide

Mechi iliyofuata ya Australia ilikuwa ianze Brisbane tarehe 4 Desemba dhidi ya India, siku moja tu baada ya mazishi. Wakuu wa mchezo waliiahirisha. Mfululizo ukaanzia Adelaide, tarehe 9.

Asubuhi hiyo Clarke hakusoma kitu. Alikwisha sema lake. Sauti iliyosikika uwanjani ilikuwa ya Richie Benaud, nahodha wa zamani na mtangazaji mzee, aliyerekodi maneno machache kuambatana na picha. Kwenye nyasi ilikuwa imechorwa namba 408, kwa kuwa Hughes alikuwa Mwaustralia wa 408 kucheza Testi. Wachezaji wa timu zote mbili walisimama kuizunguka, vitambaa vyeusi mikononi. Badala ya dakika ya ukimya, watu walipiga makofi kwa sekunde 63. Kwenye orodha ya timu, Hughes aliandikwa mchezaji wa 13. Na katika daftari rasmi la ile mechi ya Sydney iliyokatishwa, mikimbio yake 63 iliandikwa kuwa ya mtu ambaye hajatolewa.

Kisha mpira ukaanza, na swali likawa lilelile ambalo hotuba ililikwepa: nani atarusha wa kwanza kwenda kichwani? Alikuwa Varun Aaron wa India. Mpira ukapanda, David Warner wa Australia akaukwepa, ukapita. Uwanja mzima ukapiga makofi. Warner alipofikisha 63 alisimama, akatazama juu, akaendelea hadi 145. Clarke alifika 60 siku ya kwanza mgongo ukamkatalia, akatoka ameshikilia kiuno. Alirudi siku iliyofuata akamaliza na 128. Steven Smith alipofikisha mia alitembea mpaka kwenye ile namba nyasini na kuinua gongo. Zamu ya India ilipofika, mpira wa kwanza wa Mitchell Johnson kwa Virat Kohli ulimgonga kwenye helmeti. Waaustralia wakamkimbilia kutoka kila upande. Kohli alikuwa salama, akapiga 115.

Siku ya tano India walihitaji mikimbio 364. Kohli na Murali Vijay walikaa pamoja mchana kutwa, na msuli wa paja wa Clarke ukakatika, akatolewa nje, akabaki kutazama. Chai ilipofika, India walikuwa wamevuka 200 na wamepoteza wapigaji wawili tu. Australia walikuwa wanaelekea kushindwa.

Walikunywa chai. Walipotoka, Vijay akatolewa akiwa na 99, jumla ikiwa 242. Kuanzia yeye, wapigaji wanane wa India walianguka kwa mikimbio 73 tu. Nathan Lyon wa Australia alichukua wiketi 7 katika zamu hiyo, Kohli akatolewa na 141, na Australia ikashinda kwa mikimbio 48 jua likishuka. Wachezaji wakakusanyika kwenye 408 wakaimba wimbo wao.

Isidhaniwe kwamba hotuba ndiyo iliyoshinda mechi hiyo. Mzunguko wa vidole vya Lyon ndio ulioshinda. Wala haikumponya aliyeiandika. Clarke aliliongoza taifa kushinda Kombe la Dunia Machi 2015 akiwa na herufi za kwanza za jina la Hughes kwenye kitambaa mkononi, akaacha Testi Agosti mwaka huohuo, na baadaye akakiri kwamba mchezo wake ulipaswa kuishia pale mdogo wake alipoishia. Aliwafikisha wenzake chai. Yeye hakurudi sawasawa baada ya mapumziko.